Jabia la Kizingitini: pesa mlizochanga zilivyotumika

Assalamu alaikum ndugu zetu mliochanga, wa hapa Lamu na walio mbali.

Tulipokea Sh 1,126,400 za kukarabati jabia letu la kukinga maji ya mvua, kutoka kwa watu 214. Mchango mdogo kabisa ulikuwa Sh 50, wa mwanafunzi wa madrasa, na mkubwa Sh 150,000. Hadi leo tumetumia Sh 1,017,400. Zilizobaki, Sh 109,000, zimo benki.

Mnakumbuka jabia lilivyokuwa: sakafu imepasuka, mvua ikinyesha maji yanapotelea mchangani kabla ya kufika birikani. Sakafu ni mita 30 kwa 20, kwa hiyo kila milimita 10 za mvua ni karibu lita 6,000. Maji hayo yote yalikuwa yakimwagika, huku kina mama wakinunua maji kwa madumu.

Pesa nyingi zaidi, Sh 312,000, zililipa mafundi na vibarua, wote wa kijijini. Saruji mifuko 260 ni Sh 247,000. Mchanga na kokoto Sh 118,000, nondo na wavu wa chuma Sh 86,500, dawa ya kuzuia maji kuvuja Sh 41,600, ada za benki na M-Pesa Sh 9,300. Wanakamati hawakulipwa chochote, na nauli walijitolea wenyewe.

Usafiri ndio uliotushinda. Tulipanga Sh 140,000, tukatumia Sh 203,000. Kosa ni letu. Saruji tulipaswa kuivusha kutoka Mokowe wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, nasi tukachelewa kuagiza hadi Mei, kusi imeshashika. Mashua zilisubiri maji yajae ndipo zipite mkondo wa Mkanda, na siku mbili nahodha alikataa kuondoka. Alifanya vyema, maana kulikuwa na vijana ndani. Safari ya tatu wimbi liliingia chomboni, mifuko 14 ikaloa. Hiyo ni hasara ya Sh 13,300, imo ndani ya hesabu ya saruji hapo juu.

Kwa sababu hiyo ua wa kuzuia mbuzi na punda wasikanyage sakafu haujajengwa. Unahitaji Sh 165,000, tumepungukiwa Sh 56,000. Kwa sasa wazee wamepanga zamu ya kulinda, na vijana wanafagia sakafu kila Ijumaa. Hatutaanza ua kabla pesa hazijatimia.

Wiki iliyopita mvua ya vuli ilinyesha usiku kucha. Alfajiri tulikuta maji yamepanda hadi ngazi ya tatu ya birika, na ukutani hapakuwa na hata alama ya kuvuja. Mama mmoja alichota kwa mkono, akanywa, akawaombea dua nyote mliochanga. Nasi tunasema ahsanteni sana. Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Risiti zote na daftari la vibarua, lenye sahihi zao, viko kwa mweka hazina. Aliyechanga Sh 50 ana haki ya kuvikagua sawa na aliyechanga Sh 150,000. Njooni baada ya swala ya alasiri, siku yoyote.