Tuko salama. Watu wa Manzese, ahsanteni

Tuko salama wote wanne: mimi, Baba Nasra na watoto. Meseji zenu nimeziona, ila simu hii ni ya kuazima, mnivumilie nikichelewa kujibu.

Nyumba imeteketea yote Jumatano usiku. Wapangaji wote tumetoka na tulichokuwa tumevaa, na hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Chanzo tuwaachie zimamoto. Sitaki mtu anyooshewe kidole.

Vijana wa kijiweni, nyie ndio mliopanda kung'oa mabati moto usirukie nyumba ya pili, na mmoja wenu akaingia kuutoa mtungi wa gesi huku mimi nimebaki kupiga kelele tu. Gari la zimamoto haliingii kichochoro chetu, ikabidi mpira uvutwe toka barabarani. Mpaka unafika, moto mlikuwa mmeubana kwa ndoo na mchanga wa jirani anayejenga. Mchanga wenyewe hamkuuombea ruhusa, naye hajaudai.

Mama Zuhura, shoga yangu, usiku ule ule uliwahamishia wanao sebuleni ukatupa chumba. Hata hukuuliza tutakaa mpaka lini. Asubuhi nakuta maji ya kuoga yameshatengwa na doti ya khanga juu yake, haijakatwa bado. Najua ulikuwa umeiweka kwa ajili ya harusi ya mdogo wako. Nimeivaa huku nalia.

Fundi wa kona, sare ulizozipunguza zimewakaa wanangu vizuri, Jumatatu wameingia darasani kama wenzao. Mama wa genge, daftari lako la madeni ulifuta jina langu ukidhani sijaona. Mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, barua zenu zimetufikisha polisi kuripoti vyeti na vitambulisho vilivyoungua. Hilo la NIDA tutalihangaikia taratibu.

Na wewe uliyeweka jezi ya Simba kwenye furushi la nguo za Baba Nasra, tunakujua. Mwenzenu ni Yanga, Mwananchi wa damu, na ndiyo iliyomwenea peke yake! Kaivaa siku mbili, kaenda nayo mpaka kijiweni, wamemzomea hadi akacheka. Alikuwa hajacheka tangu moto. Mungu akulipe, hata kama nia yako ilikuwa mbaya.

Nguo sasa zinatutosha jamani, msilete tena kwetu. Mwenye godoro au blanketi ampelekee babu wa chumba cha uani, kahifadhiwa na watu wa msikitini. Miwani yake nayo imeungua, anayejua pa kupimwa kwa bei nafuu amsaidie kumpeleka.

Halafu hatujatoa namba yoyote ya kuchangia. Ukitumiwa namba kwa jina langu, usitume hela. Mwenye chochote aje mwenyewe kwa Mama Zuhura, geti la bluu nyuma ya mashine ya kusaga. Jioni tupo.