Akiba ya Dharura na Bima: Soma Kabla Hujatia Sahihi

1/9
Umeanza kupokea mshahara? Slaidi hizi ni zako.
Nimekaa miaka 6 kwenye dawati la madai ya bima. Wengi niliowaona wakitoka pale wamevunjika moyo walikuwa na bima. Hawakujua wamekata bima ya nini, na hawakuwa na akiba ya kuwavusha wiki ile.

2/9 · Dharura ni ipi?
Jambo ambalo hukulipanga, haliwezi kusubiri, na usipolilipia maisha yanakwama. Umeachishwa kazi. Mzazi amelazwa. Kifaa unachofanyia kazi kimekufa.
Harusi ya rafiki unaijua miezi kabla; itengee fungu lake.

3/9 · Anza hivi
Kila 100 inayoingia, toa 10 siku ileile, kabla hujalipa chochote. Kumi ni nyingi? Toa 3, lakini usiruke hata mara moja.
Unalipwa kwa siku au kwa kazi? Toa kwenye kila malipo. Ukingoja mwisho wa mwezi, hutakuta kitu.

4/9 · Hesabu bila kudanganyana
Unapata 100 kwa mwezi, unatumia 90, unaweka 10.
Akiba ya matumizi ya mwezi 1: miezi 9.
Akiba ya miezi 3: miezi 27.
Ndiyo, zaidi ya miaka 2. Nakwambia mapema ili mwezi wa tano usijione umeshindwa. Lenga mwezi 1 kwanza, kisha 3. Kama kipato chako hupanda na kushuka, endelea hadi 6.
Ukiigusa kwa dharura ya kweli, imefanya kazi yake. Anza kuijaza tena.

5/9 · Iweke wapi?
Mahali unapoweza kuitoa ndani ya siku 1 au 2, lakini mbali na akaunti ya matumizi. Usiinunulie hisa wala kiwanja. Kiwanja hakiuziki usiku mgonjwa akiwa mlangoni.

6/9 · Bima inafanyaje kazi?
Wengi wanachanga kidogo kidogo. Wachache wanaopatwa wanalipwa kutoka chungu hicho.
Nilikuwa naulizwa kila mwaka: "Sijaumwa hata siku moja, ada yangu iko wapi?" Imemtibu mwenzako aliyeumwa. Ungeumwa wewe, yake ingekutibu.

7/9 · "Nina bima" maana yake nini hasa?
Kijana mmoja alileta simu iliyoingia maji. Ada alikuwa amelipa bila kuchelewa. Mkataba wake ulikuwa wa wizi tu. Sikuwa na la kumfanyia, na sijamsahau.
Bima hulipa tukio lililoandikwa, ndani ya muda ulioandikwa, hadi kikomo kilichoandikwa. Kwa hiyo tafuta:
• Matukio yanayolipwa, na yale yasiyolipwa. Ukurasa wa yasiyolipwa ndio wa kusoma kwanza.
• Kikomo kwa mwaka, na kwa kila tukio.
• Muda wa kusubiri. Bima nyingi za afya hazilipi uzazi mara tu unapojiunga.
Bima ya gari ya mtu wa tatu humlipa uliyemgonga. Gari lako unalitengeneza mwenyewe.

8/9 · Sehemu unayobeba wewe
Hapa ndipo akiba na bima hukutana, na hapa ndipo wengi hukwama.
Hasara ni 100, mkataba unasema 20 za kwanza ni zako. Utalipwa 80. Zile 20 zitatoka wapi? Kwenye akiba. Basi akiba yako isipungue kiasi hicho kamwe.
Jingine: kitu cha 1,000 ukikikatia bima ya 500 ili ada iwe ndogo, mikataba mingi ya mali itakuhesabia nusu. Hasara ikiwa 400, unapewa 200, kabla hata ya kutoa sehemu yako.

9/9 · Uanze na ipi?
Afya kwanza. Hospitali inaweza kumaliza akiba ya miaka kwa siku 3.
Kuna anayekula kwa jasho lako, mtoto au mzazi? Fikiria bima ya maisha. Kama hakuna, kwa maoni yangu inaweza kusubiri.
Kwenye fomu usifiche ugonjwa ulio nao. Ukigundulika, dai linaweza kukataliwa wakati unalihitaji kuliko wakati wowote.
Na kila alichokuahidi wakala kwa mdomo, mwombe akuonyeshe kimeandikwa wapi kwenye mkataba.

Maelezo ya chapisho
Leo jioni fungua mkataba wako, hata ule uliopewa kazini. Neno litakalokushinda liandike kwenye maoni, lakini namba ya bima na majina yaache. Nitayajibu yote Jumamosi.