Napinga Mada: "Mitandao ya Kijamii Inawadhuru Wanafunzi"

Mheshimiwa Mwenyekiti, Katibu, mtunza muda na kengele yako, waheshimiwa majaji, mwalimu wa zamu, kaka na dada zetu wa kidato cha sita mnaounga mkono mada, na wanafunzi wenzangu mliobanana mpaka madirishani, habari za jioni.

Mimi ni msemaji wa kwanza wa upande unaopinga, kidato cha tano, HGL. Naipinga mada hii nikiwa sina simu, na ninyi mlio mbele yangu hamna pia, kwa sababu siku ya kufungua shule wote tulipanga foleni pale getini, tranka zikafunguliwa moja moja, nguo zikakung'utwa, na hata kopo la sukari la mwenzangu likachomekwa kijiko mpaka chini kuona kama kuna laini imezikwa.

Nianze na hizo tranka. Kaka aliyenitangulia amesema kwa uchungu kwamba mitandao inashusha ufaulu. Ameipiga meza mara mbili. Sasa namuuliza: sisi tuliopo bweni, tusiogusa simu muhula mzima, matokeo ya jaribio la Jiografia yaliyobandikwa ubaoni tangu Jumanne yameshushwa na nini? Sitayasoma hapa, nawaheshimu wenye namba zao, na yangu imo humo. Lakini TikTok haikuwemo kwenye chumba cha mtihani. Instagramu haikuwemo kwenye chumba cha mtihani.

Turudi nyuma kidogo. Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, ambao matokeo yake yalitangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walipata daraja sifuri. Bunge liliwaka moto, Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakaja kupangwa upya. Mwaka huo TikTok ilikuwa haijazaliwa. Mitaani kwetu mwenye simu ya kupangusa alikuwa wa kuhesabika, watu walikuwa na vitochi. Na Hisabati ya kidato cha nne? Kwa miaka mingi waliofaulu wamekuwa kama mtu mmoja kati ya watano. Ugonjwa huo ni wa zamani kuliko bando. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na upande wa pili leo umekuja na mbaazi gunia zima.

Sasa nataka kuwasimulia kuhusu kiazi.

Nilipokuwa kidato cha nne, shule ya kutwa, mwalimu wetu wa Jiografia alihamishwa mwezi wa tano. Simlaumu, uhamisho ni uhamisho. Lakini alituacha katikati ya kusoma ramani, na kwa miezi miwili kipindi cha Jiografia kilikuwa kipindi cha kufagia uwanja. Mimi mistari ya kontua sikuielewa kabisa. Niliiona kama alama za vidole vya mtu mkubwa zilizopigwa kwenye karatasi.

Likizo ya mwezi wa sita nilikuwa namsaidia mama gengeni. Simu yake ina ufa unaoanzia kona ya juu mpaka katikati, ukitaka kubonyeza herufi iliyo chini ya ufa unabonyeza mara tatu. Nikamwomba aweke bando la shilingi mia tano. Kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wa kata yetu mtu alikuwa ametuma kiungo cha video ya mwalimu mmoja, hata sijui ni wa shule gani, amesimama mbele ya ubao akiwa na kiazi na kisu. Akakipasua kiazi katikati, nusu moja akailaza, upande bapa chini. Kikawa kilima. Akakikata vipande vya unene sawa kuanzia chini kwenda juu. Akachukua kipande cha chini kabisa, akakiweka kwenye karatasi, akakizungushia penseli. Kipande cha pili juu yake, penseli tena. Cha tatu. Alipomaliza, kwenye karatasi palikuwa na duara ndani ya duara, na pale ambapo kiazi kilikuwa kimeshuka ghafla mistari ilibanana, pale kilipolala taratibu mistari ilitawanyika.

Nilikaa kimya, halafu nikachukua kiazi cha biashara, nikakikata. Mama aliuliza kama mteja wa hicho kiazi ni mimi. Nikamwambia mama subiri. Nilikata vinne siku ile, jioni vikaingia kwenye mchuzi, na swali la ramani kwenye mtihani wa taifa nililifanya nikiwa natabasamu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mada inasema mitandao ya kijamii inawadhuru wanafunzi. Haikusema "baadhi". Haikusema "ikitumiwa vibaya". Basi upande wa pili watuoneshe kiazi kile kilinidhuru wapi.

Na sikuwa peke yangu. Machi 17, 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Nilikuwa shule ya msingi. Mwalimu wetu wa Hisabati alikuwa akiandika maswali kwa mkono, anapiga picha, anatuma kwenye simu za wazazi. Watoto wa nyumba tatu tulikuwa tunanakili kutoka simu moja, tumelala kifudifudi kwenye mkeka, tukigombana nani ameziba mwanga. Tuliporudi shule mwisho wa Juni, tulikuwa na madaftari mawili yaliyojaa. Jirani yetu ambaye kwao hapakuwa na simu alirudi na daftari lilelile la Machi. Yule ndiye ninayeweza kusema alidhurika, na alidhurika kwa kuikosa.

Kuna jambo dogo nitalipita haraka. Dada wa upande wa pili amesema mitandao inaharibu Kiswahili, vijana wanaandika "xaxa" na "cjui". Dada, na mimi inanikera. Lakini sijawahi kumwona mtu akiandika insha ya Kiswahili ya mtihani kwa "xaxa". Anayeandika hivyo anajua "s" iko wapi, ameamua tu kucheza nayo, kama bibi zetu walivyocheza kinyume kwa kupindua silabi ili watoto wasielewe. Basi.

Wametuletea pia Australia. Nashukuru, kwa maana mfano huu ni wetu. Ni kweli, tangu Desemba 10, 2025 Australia imezuia akaunti za mitandao mikubwa kwa wenye umri chini ya miaka 16. Lakini sheria ile inamwadhibu nani? Inaadhibu kampuni, faini ya mpaka dola milioni 49.5 za kwao. Mtoto hapigwi faini, mzazi hapigwi faini. Wenzetu wameangalia mlango, wakamfuata aliyeujenga. Tena sheria ile inazungumzia umri, haizungumzii uanafunzi. Humu ukumbini wengi wetu tumeshapita 16. Mwanachuo wa Mlimani ni mwanafunzi. Na nikitazama meza ya mbele, yupo mwalimu wetu anayesoma shahada ya pili jioni na anatumiwa kazi zake kwenye kundi la WhatsApp. Mwalimu, samahani, kwa mujibu wa mada hii na wewe unadhurika.

Halafu tuulizane kwa haki. Majina ya waliochaguliwa kujiunga kidato cha tano yalipotoka, nani hapa aliletewa barua na posta? Mkono juu. Sioni. Mimi niliona jina langu kwenye simu ya kinyozi wa jirani, maana kiungo kilikuwa kimesambaa mtaa mzima kabla ya saa saba mchana. Fomu ya maelekezo ya kujiunga, ile yenye godoro, ndoo na jembe, wengi wetu tuliipata hivyohivyo, tukaenda kuichapisha stesheneri.

Mwenyekiti, naona mtunza muda amenyanyua kidole. Nina jambo la mwisho na ndilo zito.

Upande wa pili wamezungumzia wasichana wanaodhalilishwa mtandaoni. Hapo sitafanya mzaha na sitasema hayapo. Shule niliyotoka, rafiki yangu alipigwa picha na mvulana waliyekuwa wakisoma wote, picha ikahaririwa, ikatumwa kwenye kundi. Hakuja shule siku tatu. Siku ya nne alikuja, akakaa dawati la nyuma, amefunika uso kwa sweta kwenye joto lile. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mwalimu. Akasema, "Nikisema, swali la kwanza ni, simu umeitoa wapi?"

Nyumbani je? "Baba atanipiga kwanza, ndipo ataniuliza."

Naomba muisikie hiyo sentensi vizuri, kwa sababu ndiyo inayonifanya nisimame hapa. Nchi hii ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kumwonea mtu kwa kutumia kompyuta au simu ni kosa ndani yake. Ipo namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, inapigwa bure. Vyote vilikuwepo siku ile, na rafiki yangu hakuvijua. Alichokuwa amefundishwa na shule, na nyumbani, na hata kanisani, ni kitu kimoja tu: kwamba mitandao inawadhuru wanafunzi. Yaani mada hii hii ya leo, neno kwa neno. Alikuwa ameielewa vizuri sana. Alielewa kwamba ukidhurika, kosa ni lako, kwa kuwa ulikuwa mahali ambapo hukupaswa kuwa. Aliyetuma picha alikuwa mtu mwenye jina, dawati na namba ya mtihani. Hakuitwa ofisini. Simu ndiyo ilinyang'anywa, tena ya binti.

Tukipitisha mada hii jioni ya leo, tutakuwa tumeirudia sentensi ile kwa makofi.

Ndugu majaji, upande wa pili bado wana msemaji mmoja. Nimesikia ni hodari, na mimi sina neno naye. Ila akija hapa mbele, kabla hajatueleza habari za bando na usiku wa manane, naomba ajibu swali hili moja: yule rafiki yangu, kwenye shule inayoamini kama wanavyoamini wao, alipaswa kumwambia nani?

Kengele nimeisikia, Mwenyekiti. Napinga mada. Ahsanteni.