Mtandao Ukisuasua: Fuata Hivi Kabla ya Kunipigia

(Karatasi hii ikae ukutani juu ya ruta, dukani Soweto, Mbeya. Usiitoe hata kama unataka mahali pa kubandika bei za fotokopi.)

Mdogo wangu, Jumamosi nakuwa Tukuyu, na shambani simu inashika ukisimama mahali pamoja tu. Kwa hiyo usinipigie kuniambia "mtandao unazunguka." Nipigie kuniambia unazungukia wapi. Fanya jambo moja, pima, andika kwenye daftari la kaunta, ndipo uende jingine. Ukifanya matatu kwa mpigo mtandao ukarudi, hatutajua kilichouponya.

Kwanza kabisa

☐ Fungua tovuti mbili tatu tofauti. Kama moja tu ndiyo inagoma, tatizo liko kwao. Siku za mwisho za kuomba kazi au mkopo wa chuo ndivyo inavyokuwa. Mwambie mteja ukweli, usimlipishe kwa kusubiri.

☐ Fungua fast.com kwenye kompyuta ya kaunta kwa waifai, subiri namba itulie. Tunalipia Mbps 20. Ikisoma 16 hadi 20 tuko salama. Ikisoma 3, endelea chini. (Mbps 20 si megabaiti 20 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, unapata 2.5. Faili la mteja likishuka kwa spidi hiyo, hakuna aliyetuibia.)

1. Zima, washa

☐ Chomoa umeme wa ruta na wa kile kiboksi cheupe cha faiba. Usibonyeze kale katundu kadogo kalikoandikwa RESET. Hako kanafuta mipangilio yote, na tutalala bila mtandao mpaka fundi aje.

☐ Hesabu sekunde 30.

☐ Anza na kiboksi cheupe. Subiri taa ya PON iwake bila kupepesa, ndipo uchomeke ruta. Mpe dakika tatu.

☐ Taa ya LOS ikiwa nyekundu, ishia hapo. Faiba haipati mwanga, na hakuna utakachokirekebisha wewe. Usichomoe ule waya mwembamba wala usichungulie ndani yake. Nenda kipengele cha 4.

☐ Pima tena, andika. Kama spidi imerudi ila inashuka tena baada ya saa moja, andika na hilo, maana kuzima na kuwasha hakujatibu kitu.

2. Pima kwa waya

Hapa ndipo wengi wanakosea, nikiwemo mimi.

☐ Chukua laptopu ya ofisini na waya wa bluu ulioko droo ya pili. Chomeka kwenye tundu la LAN la ruta. Kichwa kikiingia vizuri unasikia "ka!" Kisipolia, angalia kile kiplastiki cha kubana. Kikiwa kimevunjika, waya unalegea, unashika na kuachia. Wa zamani niliutupa kwa sababu hiyo, baada ya wiki nzima ya kulaumu mvua.

☐ Zima waifai ya laptopu. Usipozima, unaweza kuwa unapima waifai ileile huku waya umeninginia kama pambo.

☐ Fungua Command Prompt, andika mstari mmoja, usubiri umalize, ndipo wa pili:

```
ping -n 20 192.168.1.1
ping -n 20 8.8.8.8
```

Wa kwanza unaishia kwenye ruta yetu, wa pili unatoka nje. Tazama palipoandikwa Lost. Wa kwanza ukipoteza, shuku waya au ruta. Wa kwanza ukiwa 0 na wa pili ukipoteza, shuku laini.

☐ Pima fast.com. Kwa waya 19, kwa waifai 3? Laini ni nzima, waifai ndiyo mgonjwa. Mara nyingi mtu amesukuma maboksi ya karatasi mbele ya ruta, au kompyuta iko chumba cha nyuma, ng'ambo ya ukuta wa tofali za kuchoma. Kwa waya nako ni 3? Usihukumu bado.

3. Kifaa kingine

☐ Pima kwa simu yako, data ikiwa imezimwa, ukisimama karibu na ruta. Simu ikipata 18 na kompyuta ya kaunta 3, tatizo ni kompyuta. Angalia kama Windows inashusha masasisho. Hilo ndilo lililotumaliza mwezi jana, nami nilishagombana na mtu wa huduma kwa wateja.

☐ Vifaa vyote vikiwa chini, toa kila kitu kwenye ruta, hata simu ya jirani wa saluni tuliyempa nywila, ubaki na laptopu kwa waya. Pima. Ikipanda, kuna mmoja anakula mtandao. Warudishe mmoja mmoja mpaka umjue.

4. Bado?

☐ Piga huduma kwa wateja, namba iko nyuma ya ruta. Sema hivi: "Nimezima na kuwasha saa nne na robo, nimepima kwa waya kifaa kimoja tu kikiwa kimeunganishwa, napata 3 badala ya 20." Omba namba ya malalamiko, iandike daftarini. Kisha nitumie ujumbe, nitauona nikipanda kilimani.