Muhtasari wa makala kwa kikao cha wodi ya watoto: jaribio la FEAST kuhusu maji ya mkupuo

Makala: ripoti ya jaribio la FEAST, New England Journal of Medicine, 2011. Imefupishwa kwa madaktari, maafisa tabibu na wauguzi wa zamu. Asomaye muhtasari huu bila kufungua makala asibadilishe dripu ya mtoto kwa sababu yake.

Swali

Mtoto mwenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri mwilini, akiwa katika hospitali isiyo na chumba cha wagonjwa mahututi: je, kumpa maji ya mshipa kwa mkupuo mara anapopokelewa kunapunguza vifo, kuliko kumpa maji ya kawaida ya kuendeleza mwili tu? Swali la pili: albumini 5% na salaini 0.9%, ipi bora?

Mbinu

Hospitali 6: 4 za Uganda, 1 Kenya (Kilifi), 1 Tanzania. Watoto wa siku 60 hadi miaka 12, wenye homa pamoja na kupungukiwa fahamu au kupumua kwa shida, au vyote viwili, na angalau dalili moja ya mzunguko hafifu wa damu: kapilari kujaa kwa sekunde 3 au zaidi, miguu kuwa baridi kuliko mwili, mpigo dhaifu wa mkononi, au moyo kwenda mbio mno. Hawakuchukuliwa wenye utapiamlo mkali, wanaoharisha na kutapika kwa maambukizi ya tumbo, wala wenye mshtuko wa majeraha, upasuaji au kuungua.

Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu: albumini ya mkupuo 1,050, salaini ya mkupuo 1,047, bila mkupuo 1,044. Mkupuo ulianza kwa mililita 20 kwa kilo. Baadaye itifaki ilirekebishwa ukawa mililita 40. Wote walipata tiba nyingine za kawaida. Waliokuwa na shinikizo la damu la chini sana, 29 tu, waliwekwa kando na wote wakapewa mkupuo. Kipimo kikuu: kifo ndani ya saa 48.

Matokeo

Vifo ndani ya saa 48: albumini 10.6% (111), salaini 10.5% (110), bila mkupuo 7.3% (76). Mkupuo wowote ukilinganishwa na kutotoa mkupuo: uwiano wa hatari 1.45, masafa ya uhakika ya 95% 1.13 hadi 1.86, p = 0.003. Kufikia wiki 4 vifo vilikuwa 12.2%, 12.0% na 8.7%. Albumini haikuonyesha ubora wowote juu ya salaini.

Hapa ndipo rasimu ya kwanza iliteleza. Iliandika "mkupuo huongeza vifo kwa 45%", na msomaji mwenye haraka angeelewa kwamba karibu nusu ya watoto walikufa. 1.45 ni ulinganisho wa makundi mawili. Tofauti halisi ni takriban vifo 3 zaidi kwa kila watoto 100 waliopewa mkupuo. Namba hizo mbili zitajwe pamoja.

Mapafu kujaa maji au shinikizo kupanda kichwani: 2.6%, 2.2% na 1.7%, p = 0.17. Tumefuta "mkupuo hausababishi maji kwenye mapafu". Kinachoweza kusemwa ni kwamba tofauti haikuthibitika kitakwimu.

Mipaka

Matokeo hayawahusu walioachwa nje: wenye utapiamlo mkali na wenye kuharisha. Kwa kundi la shinikizo la chini sana, hakukuwa na wenzao wasiopewa mkupuo, hivyo makala haijibu chochote juu yao. Sababu ya vifo vya ziada haikujulikana. Maelezo yaliyomo kwenye mjadala ni dhana, na tumeyaacha nje ya matokeo makusudi. Watumishi walijua nani amepewa nini, maana dripu haifichiki; hilo lina uzito mdogo kwa kifo kuliko kwa dalili za mapafu, ambazo hutegemea jicho la mpimaji. Asilimia 57 ya watoto walikuwa na malaria, na hospitali hizo hazikuwa na mashine za kupumulia wala huduma ya wagonjwa mahututi. Mwenye hospitali tofauti asihamishe namba hizi moja kwa moja.

Jaribio lilisimamishwa kabla ya kufikia watoto 3,600 waliokusudiwa, kwa ushauri wa kamati huru ya usalama. Nyongeza yetu, si ya waandishi: kusimamisha mapema huweza kukuza tofauti, ila hapa ilibaki sehemu ndogo ya kazi.

Sentensi zilizokatwa kwenye rasimu, zisirudi kikaoni: "maji yanaua watoto", "mshtuko usitibiwe kwa maji", "FEAST imethibitisha kwa Afrika nzima".