Andika Nane, Beba Mbili

Mwalimu Chande alinipa karatasi ya matokeo ya mtihani wa moko wakati wa mapumziko, ikiwa imekunjwa mara nne. "Monita, uyaandike yote ubaoni. Usiruke mtu." Akarudi ofisini na kikombe chake cha chai.

Tulikuwa 46, darasa la saba, huku Kilwa Masoko. Masomo 6, kila moja alama 50, jumla 300. Ukipata 181 umeingia daraja B, na kwa Mwalimu Chande hiyo 181 ilikuwa mlango: aliye chini yake alibaki darasani kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja, kila siku, mpaka mtihani wa taifa mwezi wa tisa.

Niliandika kwa chaki fupi, vidole vikikwaruza ubao. Nina tabia moja tangu darasa la nne, siandiki jumla bila kuijumlisha mwenyewe. Si kwamba simwamini mwalimu. Nikinakili tu naona kama nimebeba mzigo nisioujua.

Mstari wa 17, Hamadi. Kiswahili 34, Kiingereza 24, Hisabati 27, Sayansi 31, Maarifa ya Jamii 29, Uraia 33. Kwenye karatasi, jumla: 188.

Nne na nne nane, na saba kumi na tano, na moja kumi na sita, na tisa ishirini na tano, na tatu ishirini na nane. Andika nane, beba mbili. Makumi yakawa kumi na tano, na mbili nilizobeba kumi na saba. 178.

Nikarudia kutoka chini kwenda juu. 178.

Niliacha nafasi ya jumla yake wazi, nikaendelea na wa 18. Lakini darasa lina macho. "Zuhura, mbona Hamadi hujamwandikia?" Hamadi mwenyewe alikuwa dawati la mbele, sifongo ya kufutia ubao mkononi, maji yanamdondokea magotini. Hakuuliza kitu.

Nilipomaliza nikachukua karatasi nikatoka. Hamadi alinikuta chini ya mwembe.

"Umejumlisha?"

"Mara mbili."

"Ameandika ngapi?"

"188."

Akatazama chini. "Mimi jana nilijumlisha karatasi zangu nyumbani, nikapata 178. Nimeshamwambia mama nitakuwa nabaki." Akanyamaza. "Sasa uliposimama pale ubaoni, nikasema labda mimi ndiye niliyekosea."

Nilijua maana ya kubaki kwake. Mama yake anachemsha pweza, na Hamadi ndiye anayezunguka na beseni kuanzia saa tisa na nusu, stendi mpaka bandarini. Saa kumi na moja na nusu wenye meza zao wameshawasha taa, na wateja wameshakula.

"Hamadi, nikinyamaza..."

"Nenda tu," alisema. "Mwalimu atarudi darasani."

Miguu ilikuwa mizito. Kumwambia mwalimu amekosea ni jambo moja, na kumwambia ukijua nani atalipia ni jingine. Nilitamani kosa lile lingekuwa kwenye mstari wangu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Bado mmoja. Naomba uangalie wa 17."

Alivaa miwani. Kalamu yake ilishuka polepole, midomo ikicheza bila sauti. Ilipofika chini ilisimama pale kwa muda mrefu.

"Nilibeba tatu," alisema. Akakata 188 kwa mstari mmoja, akaandika 178 pembeni, akaweka saini. Kisha akanivutia kiti. "Kaa. Wewe soma, mimi nijumlishe. Tuanze wa kwanza."

Tulipitia mistari yote 46. Hakukuwa na kosa jingine. Chai yake ilipoa.

Saa tisa kengele ilipogongwa, waliobaki walisogea mbele. Hamadi alikuwa ameshafungua daftari la Hisabati, hajainua kichwa. Niliweka mkoba begani, nikafika getini, nikasimama. Kwetu ni kulia. Nikaenda kushoto.

Mama yake alikuwa jikoni uani, anakatakata.

"Shikamoo, mama. Hamadi amebaki shule."

"Marahaba. Aliniambia."

"Nimekuja kuchukua beseni."

Alinitazama, kisu kimesimama hewani. Kisha akafuta mikono kwenye khanga, akalifunika beseni kwa gazeti, akaweka kopo la chumvi na pilipili pembeni. "Vipande 40, mwanangu. Kila kimoja 200. Pita stendi kwanza."

Nikaweka beseni chini, nikafunua gazeti, nikaanza kuhesabu kwa ncha ya kijiti. Nikarudia kutoka upande wa pili.

"Mama," nikasema, "ni 42."