Utepe wa mkono: pima, soma rangi, chukua hatua

Karatasi ya mfukoni kwa WAJA wa vijiji vya Wilaya ya Chamwino, Dodoma

Nani apimwe
Mtoto wa miezi 6 hadi 59. Umri usome kwenye kadi ya kliniki. Kama kadi imepotea, mkumbushe mama kwa mambo ya kijijini: alijifungua kabla ya mavuno au baada, mvua za mwaka upi. Aliye chini ya miezi 6 usimpime kwa utepe. Tazama anavyonyonya na ubonyeze miguu. Akiwa amekonda, amevimba au ananyonya kwa shida, mpe rufaa.

Anza na miguu
Mvue viatu. Bonyeza kwa dole gumba juu ya mguu, pale kamba za viatu zinapofungwa, miguu yote miwili, sekunde 3. Achia. Shimo likibaki miguu yote miwili, huo ni utapiamlo mkali, hata utepe ukisoma kijani. Nakuomba usiruke hatua hii. Mtoto aliyevimba huonekana mnene, jirani humsifia, na mkono wake unaweza kusoma vizuri huku hali yake ni ya hatari.

Kupima mkono
1. Mama ampakate mtoto. Mtoto mwoga mpe utepe auchezee kwanza. Mkono uliokakamaa kwa kilio hautoi kipimo cha kweli.
2. Vua nguo ya mkono wa kushoto. Usipandishe tu mkono wa gauni, kwani unabana.
3. Kunja kiwiko kama pembe ya meza. Tafuta ncha ya mfupa wa bega na ncha ya kiwiko. Pima urefu huo, gawa kwa mbili, tia alama kwa kalamu katikati. Usikadirie kwa macho.
4. Nyoosha mkono, uning'inie umelegea.
5. Zungusha utepe kwenye alama, pitisha ncha kwenye tundu, vuta hadi uguse ngozi pande zote. Ngozi ikijikunja umekaza mno na utapata nyekundu ya uongo. Kukiwa na nafasi kati ya utepe na ngozi umelegeza, na mtoto mgonjwa atapita kama mzima.
6. Soma namba na rangi kwenye dirisha, kati ya mishale. Andika namba kabla hujaufungua.

Rangi pekee haitoshi kwenye daftari. Mtoto aliyekuwa milimita 138 na leo ni 126 bado yuko kijani, lakini anashuka, na wewe ndiye wa kwanza kujua.

Nyekundu: chini ya milimita 115, au miguu yote miwili imevimba
Utapiamlo mkali. Jaza fomu ya rufaa, mtoto aende zahanati leo. Akipewa chakula dawa, ni chake peke yake, kisigawiwe kwa ndugu zake. Ndani ya siku 2 pita nyumbani uone kama walifika. Kama hawakufika, uliza kilichowazuia (nauli, shamba, ruhusa ya baba) na mtafute njia pamoja.

Mwambie mama hivi: "Mama, mkono wa mwanetu umesoma nyekundu. Si kosa lako, na ugonjwa huu una tiba. Twende zahanati leo." Ukisikia "mtoto kabemendwa", usibishane wala usicheke. Mama anayesemwa hivyo ana aibu na anaweza kumficha mtoto. Zungumza na bibi na baba pia.

Njano: milimita 115 hadi 124
Utapiamlo wa kadiri. Aende zahanati ndani ya wiki hii akapimwe uzito na urefu. Uliza amekula nini jana, mara ngapi, na kama aliharisha au alikuwa na homa. Shauri kwa kilichopo nyumbani: uji wa uwele uliotiwa karanga zilizosagwa, dagaa kwenye mlenda, yai, maziwa, ubuyu. Anayenyonya aendelee hadi miaka 2 au zaidi. Mpime tena baada ya wiki 2.

Kijani: milimita 125 na kuendelea, miguu haijavimba
Msifu mama kwa maneno. Mpime tena mwezi ujao, hasa Januari hadi Machi ghala zinapopungua.

Usingoje rangi
Mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana au hazinduki: mpeleke kituoni sasa hivi, mchana au usiku. Mama aendelee kumpa joto mwilini, na kumnyonyesha njiani kama anaweza kunyonya. Mpigie simu mganga wa zahanati wakiwa njiani ili awe tayari.

Utepe
Ufute kwa kitambaa safi kila baada ya mtoto. Uliochanika, uliovutika au uliofutika namba usiutumie. Urudishe zahanati upewe mwingine.